Ubao wa kanban wa faili za kontena: ipi imekwama, ipi inakwenda kawaida?

#1 HatiZaKilindini
Salaam wenzangu. Ofisi yetu ni ya uajenti wa forodha, watu saba, na kazi zote tunazifuata kwenye ubao wa Trello. Kadi moja ni faili moja ya mzigo. Safu zetu ni Hati, Tamko, Ushuru, Ukaguzi, Kutoa, halafu Imekwisha. Hati ni kukusanya makaratasi ya mteja, Tamko ni kuandaa tamko la forodha, Ushuru ni kusubiri mteja alipe, Ukaguzi ni mzigo kupitiwa na forodha, Kutoa ni kontena kutoka getini.

Jumatano jioni ubao ulikuwa hivi: Hati kadi 5, Tamko 3, Ushuru 7, Ukaguzi 2, Kutoa 1. Jumla 18.

Meneja ameshika kadi moja tu, ya vigae, iliyokaa Ukaguzi siku 6, anasema hiyo ndiyo imekwama. Mimi naona tatizo ni Ushuru, maana zimerundikana 7. Mwenzetu mwingine anasema hakuna kilichokwama, kadi zinasogea kila siku. Sote watatu tunatazama ubao mmoja. Husomwaje hasa?

#2 StooChangamwe
Dada, hapo ni rahisi. Weka maboksi mawili ya kila kitu. Boksi la kwanza likiisha, kadi iliyo juu ya boksi la pili inapelekwa kuagiza. Ukiona kadi haijarudi na boksi la pili linakaribia chini, mwuzaji wako amekwama. Sisi vichujio vya mafuta na breki za lori tunaviendesha hivyo na hatujaishiwa.

#3 FeriYaPili
@StooChangamwe yakhe, umeingia stoo na mwenzako yuko forodhani 😂 Hiyo kadi yako ni kanban kweli, tena ndiyo ya asili, ile ya viwanda vya Toyota. Lakini ya dada ni ubao wa kazi. Kadi yake haiagizi kitu, inaonyesha faili iko wapi.

#4 StooChangamwe
Ahaa, nimekuelewa. Basi nakaa pembeni nisome.

#5 MtoPanga
Hesabu kadi, basi. Safu iliyojaa ndiyo iliyokwama. Na tazama inayofuata: Ushuru 7, Ukaguzi 2, Kutoa 1. Safu imejaa na mbele yake pakavu. Maji yamezibwa hapo hapo Ushuru. HatiZaKilindini uko sawa, meneja wako anatazama kadi moja badala ya mto mzima.

Pia mnamaliza faili ngapi kwa wiki? Ukigawa kadi 18 kwa idadi hiyo unapata muda wa kila faili. Ni kanuni ya Little, ilithibitishwa 1961, haina mjadala.

#6 HatiZaKilindini
Ahsante. Wiki 4 zilizopita tumemaliza faili 32, sawa na 8 kwa wiki. Zimeingia 38. Hesabu hizi ni za daftari la mapokezi, si za kadi. Mwanzo wa hizo wiki 4 tulikuwa na faili 12 mkononi. Tunafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi.

#7 MtoPanga
Basi 18 gawa kwa 8 ni wiki 2 na robo. Kwa siku 6 za wiki ni siku 13 na nusu. Kila faili itachukua siku 13 na nusu. Kadi ya vigae ina siku 6 tu, haijafika hata nusu. Haijakwama.

#8 MzeeWaMakupa
MtoPanga, mwanangu, la mto umelisema vizuri, la hesabu limekuponyoka.

Kanuni ya Little ni ya wastani. Inakuambia faili kwa jumla zinakaa muda gani, haikuambii kitu juu ya kadi ya vigae. Tena inataka wastani wa kazi iliyokuwa mkononi katika kipindi chote, nawe umechukua 18 za Jumatano jioni peke yake. Walianza na 12, wamefika 18. Tuseme zimepanda polepole, wastani ni kama 15. 15 gawa kwa 8 ni karibu siku 11 za kazi. Ile 13 na nusu yako inaonyesha wanakoelekea iwapo zitabaki 18 na wakaendelea kumaliza 8. Bado hawajafika huko.

Na hapo ndipo pana habari ya maana. Zimeingia 38, zimetoka 32. Faili 6 zimeongezeka ubaoni. Mwenzenu anayesema kadi zinasogea kila siku hasemi uongo, zinasogea, lakini zinaingia nyingi kuliko zinavyotoka. Ubao wa namna hiyo huonekana mchangamfu huku faili za nyuma zikichakaa bila mtu kuzitazama.

Sasa swali lako, dada: ipi imekwama? Idadi haitakujibu. Safu yenye kadi 7 inaweza kuwa na 7 zote nzima, na safu yenye kadi 1 ikawa na hiyo moja mbovu. Kinachojibu ni umri wa kadi, ukilinganishwa na umri ambao kadi zenu huwa nao zinapokuwa mahali hapo.

Fanya hivi. Chukua zile 32 zilizomalizika. Fungua kila kadi, ndani kuna kumbukumbu ya kila ilipohamishwa. Andika iliondoka Hati ikiwa na umri wa siku ngapi, iliondoka Tamko ikiwa na siku ngapi, na kuendelea. Umri wote uhesabiwe tangu siku ilipoingia ubaoni, wala si tangu ilipoingia safu ile. Kisha kwa kila safu zipange namba 32 kutoka ndogo hadi kubwa, uhesabu mpaka ya 28. Hiyo namba ya 28 iandike kwenye jina la safu.

Kwa nini ya 28? Kwa sababu 28 katika 32 ni kama kadi 7 katika kila 8. Ukichukua wastani, karibu nusu ya kadi zako zitapiga kelele bila sababu. Ukichukua kubwa kuliko zote, hakuna itakayopiga kelele hadi maji yazidi unga.

#9 MsimboNyali
Nakubaliana na Mzee. Kama kuhesabu kwa vidole kunachosha, mwaga tarehe kwenye jedwali. Tarehe ya kuingia ubaoni iwe B, tarehe ya kutoka Ushuru iwe E, umri uweke H:

```
=NETWORKDAYS.INTL(B2,E2,11)
=SMALL(H2:H33,28)
```

Ile 11 maana yake Jumapili peke yake ndiyo mapumziko. Ukiiacha bila 11, jedwali litakutolea na Jumamosi, na umri wote utakuwa mdogo kuliko ukweli. Fomula hii inahesabu siku ya kwanza pia, kwa hiyo faili iliyoingia leo ina umri wa siku 1. Kwa kadi ambayo bado iko ubaoni, mahali pa E2 weka `TODAY()`.

#10 BandariTupu
Kabla hajafanya hesabu yote hiyo, Trello ina kitu kinaitwa `Card Aging`. Unakiwasha, kadi zilizokaa zinafifia zenyewe. Kadi nyeupe inayokaribia kupotea ndiyo iliyokwama. Dakika moja umemaliza.

#11 MsimboNyali
@BandariTupu hapana, hapo ndipo watu wengi huumia. Kile hakihesabu umri wa kadi. Kinahesabu muda tangu kadi iguswe mara ya mwisho, na huanza kufifisha baada ya wiki nzima bila kuguswa. Mtu akiandika komenti "nimempigia mteja, hapokei", kadi inarudi kung'aa kama mpya. Faili iliyokwama ndiyo inayoandikwa komenti kuliko zote, kwa hiyo ndiyo itakayong'aa.

#12 BandariTupu
Loo. Hilo sikulijua. Sisi tumekuwa tukiitegemea.

#13 HatiZaKilindini
Mzee wangu, nimekaa nalo jana baada ya swala ya isha hadi usiku, nimemaliza. Namba za 28 ni hizi:

Hati 2, Tamko 4, Ushuru 8, Ukaguzi 11, Kutoa 14.

Yaani faili 28 kati ya 32 ziliondoka Ushuru zikiwa na umri usiozidi siku 8, na kutoka getini zikiwa hazizidi 14. Nimeziandika kwenye majina ya safu kama ulivyosema.

Na hizi ndizo kadi zilizonishangaza, kwa umri wa Jumatano jioni:

Vigae, iko Ukaguzi, umri siku 9. Iliingia Ukaguzi siku ya 4.
Mitumba, iko Hati, umri siku 4.
Matairi, iko Ushuru, umri siku 12. Ina komenti kila siku. Kweli inang'aa!
Ushuru kuna nyingine mbili za siku 10 na 9. Zilizobaki nne zina siku 5 hadi 7.
Mashine ya kusaga, iko Tamko, umri siku 3.

#14 MzeeWaMakupa
Kazi nzuri, na umeifanya haraka. Sasa soma.

Ushuru: namba ya safu ni 8. Matairi 12, na zile za 10 na 9, hizo tatu zimepita. Zile nne za siku 5 hadi 7 ziko ndani ya kawaida yenu kabisa. Kwa hiyo rundo la 7 ni kadi 3 zilizokwama na 4 zinazokwenda. Ungempelekea meneja rundo lote, angesema unalalamika, na kwa zile nne angekuwa na haki.

Mitumba: siku 4 ni kidogo, jicho linaipita. Lakini Hati namba yake ni 2. Kadi hii imekaa mara mbili ya kawaida, na bado haijavuka hata hatua ya kwanza. Hii ningeiuliza asubuhi kabla ya matairi, kwa sababu siku ilizopoteza zitaifuata kila safu itakayoingia.

Vigae: umri 9, namba ya Ukaguzi ni 11. Bado ina siku mbili. Meneja amekosea.

#15 MakadaraMchana
Mzee, kwa heshima, kwenye vigae sikubaliani nawe. Kadi ile iliruka Hati, Tamko na Ushuru kwa siku 3 tu. Ilikuwa na akiba kubwa. Sasa akiba yote imeliwa Ukaguzi. Ukitazama umri mzima unaona iko salama, lakini mahali ilipo sasa kuna kitu kinaishika. Hebu HatiZaKilindini, zile 32, kila moja ilikaa siku ngapi ndani ya Ukaguzi peke yake? Ya 28 ni ngapi?

#16 HatiZaKilindini
Nimehesabu sasa hivi. Ni siku 4.

#17 MakadaraMchana
Basi. Kawaida ya Ukaguzi ni siku 4, vigae ina 6. Kwa kipimo cha safu imekwama tangu Jumatatu jioni. Meneja hakukosea. Labda imetakiwa kufunguliwa na kukaguliwa kontena zima, labda nyaraka ya viwango haijaungana nayo, lakini kuna jambo. Ukingoja umri ufike 11 utakuwa umepoteza siku nne za kuuliza swali ambalo lingeulizwa Jumatatu.

#18 MzeeWaMakupa
Hoja yako ina uzito. Jibu langu ni hili: ukipima kila safu kivyake, kadi inayopoteza siku moja moja kila mahali haitaonekana. Ikikaa siku 2 Hati, 3 Tamko, 5 Ushuru na 4 Ukaguzi, kila safu itasema ni kawaida, nayo imefika siku 14 kabla ya kuingia Kutoa. Umri mzima unaikamata hiyo. Kipimo chako kinakamata ya vigae.

#19 MakadaraMchana
Basi atumie vyote viwili.

#20 MzeeWaMakupa
Anaweza. Ila ubao ukiwa na alama mbili kwa kila kadi, mwezi mmoja hakuna atakayeitazama yoyote. Mimi ningebaki na umri mzima kwenye jina la safu, na siku za ndani ya safu nikaziuliza kwa mdomo, wakati wa kikao cha asubuhi.

#21 MakadaraMchana
Nami ningefanya kinyume chake. Mteja anayesubiri vigae vyake hataki kujua kwamba alikuwa na akiba.

#22 TamkoLaLeo
Hakuna aliyeitazama mashine ya kusaga? Imo Tamko, umri 3, namba ya safu 4, mnaona nzima. HatiZaKilindini, ile kadi ilizaliwa lini? Kuna faili ikirudishwa kutoka Ukaguzi kwa sababu msimbo wa bidhaa uliandikwa vibaya, watu hufungua kadi mpya.

#23 HatiZaKilindini
Subiri nitazame.

#24 HatiZaKilindini
Umesema kweli. Kadi ya kwanza imefichwa kwenye kumbukumbu. Ilifika Ukaguzi, ikarudishwa, kijana wetu akafungua mpya. Faili lenyewe lina siku 10.

#25 TamkoLaLeo
Basi hiyo ndiyo mbaya kuliko zote ubaoni mwako. Siku 10 na iko Tamko, ambako kawaida ni 4. Ubao ulikuwa unaionyesha kama kadi changa.

Sheria iwe moja: kadi ikirudi nyuma, irudi na tarehe yake ya kwanza. Kadi mpya isifunguliwe. Ipe lebo nyekundu moja kila inaporudi. Kadi yenye lebo mbili nyekundu haihitaji hesabu yoyote, mtu akae mezani nayo.

#26 MsimboNyali
Naongezea: tarehe ya kuanza iandikeni mbele ya jina la kadi kwa mkono, mfano `03-12 Mashine ya kusaga`. Tarehe ya Trello ni ya kadi, yenu iwe ya faili. Mtu akifungua kadi mpya kwa kusahau, atalazimika kuandika tarehe na hapo ndipo atakumbuka.

#27 BandariTupu
Mimi napendekeza safu mpya, iitwe "Inasubiri". Kila iliyokwama inapelekwa huko. Ubao unabaki safi, na ukitaka kujua zilizokwama unatazama safu moja.

#28 MzeeWaMakupa
Usifanye hivyo, ndugu yangu. Ukiitoa matairi Ushuru ukaipeleka "Inasubiri", umepoteza habari ya mahali ilipokwama. Baada ya wiki mbili safu hiyo ina kadi 9, na hakuna anayekumbuka ipi ilitoka wapi. Halafu nafasi iliyoiacha Ushuru itajazwa na kadi mpya, kwa hiyo mnapokea kazi nyingi zaidi wakati zile za zamani hazijatoka. Kadi ibaki pale pale ilipokwama. Ibandike alama, na kwenye alama andika mambo mawili tu: tarehe iliyokwama na nani anasubiriwa. "Tangu Jumanne, mteja, malipo." Si zaidi ya hapo.

#29 BandariTupu
Nimekuelewa. Nafasi ndiyo sikuifikiria.

#30 StooChangamwe
Hapo hata mimi wa stoo nimeelewa. Boksi likiharibika haliondolewi rafuni, linageuzwa ili lionekane.

#31 FeriYaPili
Narudi kwa mitumba. Mzee amesema aulizwe kabla ya matairi. Mimi nauliza: meli yake imefika? Kama bado iko baharini, hati kukaa siku 4 si neno. Hakuna anayelipia kontena ambayo haijashuka. Matairi kontena yake iko chini, siku za bure za bandari zinakatika, na za wenye meli zinakatika nazo. Kipi cha kuuliza kwanza?

#32 HatiZaKilindini
Kwa kweli kati ya kadi 5 za Hati, 3 meli zake hazijafunga gati. Mitumba ni mojawapo. Mteja anasema hati ya mzigo ya asili bado haijamfikia.

#33 FeriYaPili
Basi hizo 3 si za kuhesabiwa. Wekeni safu mbele kabisa, "Meli bado", na saa ianze kadi inapotoka hapo. Hata zile 38 zilizoingia pengine zimevimba kwa sababu hiyo. Mmekuwa mkifungua faili mapema kuliko zamani, hakuna kilichokwama.

#34 TamkoLaLeo
Hapana. Tamko linaweza kuwasilishwa kabla ya meli kufika, na ajenti anayejua kazi hufanya hivyo. Ukiondoa saa kwenye kadi hizo unampa kila mtu ruhusa ya kulala mpaka meli ifunge. Hati ya asili isiyofika leo ndiyo hiyo hiyo itakayokosekana meli ikishafika, na hapo siku za bure zinakwenda bure kweli.

#35 FeriYaPili
Ila namba ya Hati ni 2 kwa sababu faili nyingi za zamani zilifunguliwa meli ikiwa imefika na makaratasi yote yako mkononi. Unalinganisha machungwa na maembe.

#36 MzeeWaMakupa
FeriYaPili hapo amegusa penyewe, nami nilipita haraka. Kama mmebadilisha wakati wa kufungua faili, ile namba 2 ni ya utaratibu wa zamani. HatiZaKilindini, katika zile 32, ngapi zilifunguliwa kabla ya meli?

#37 HatiZaKilindini
Naona 6 tu. Na zote 6 ni za wiki ya mwisho.

#38 MzeeWaMakupa
Basi namba ya Hati usiiamini bado. Nyingine ziache, maana nyingi katika 32 zilipita njia moja. Kusanya 20 zilizofunguliwa kabla ya meli ndipo uzihesabie kivyake. Hadi hapo mitumba iulizwe kwa simu, isibandikwe alama.

#39 MakadaraMchana
Kuna jambo jingine la siku. MsimboNyali ametoa Jumapili. Bandari haifungi Jumapili, na gharama za kukaa kwa kawaida hazifungi pia. Kwa ofisi, siku za kazi ni sawa. Kwa mteja, hesabu ni ya kalenda. Matairi ya siku 12 za kazi ina Jumapili 2 ndani yake, kwa mteja ni siku 14.

#40 MsimboNyali
Kweli, lakini inategemea unachouliza. Ukiuliza "je, sisi tumechelewa", toa Jumapili, la sivyo kadi iliyoingia Jumamosi itaonekana nzee Jumatatu bila kosa la mtu. Ukiuliza "mteja ataumia lini", usitoe. Mimi ningeandika tarehe ya mwisho ya siku za bure pembeni ya kadi, kwa kalenda, na umri nikauacha kwa siku za kazi.

#41 MtoPanga
Mmenipiga vya kutosha kwenye #8, nimekubali 😅 Ila bado nauliza lile la mto. Kadi 3 zimekwama Ushuru, sawa. Lakini kwa nini Ukaguzi na Kutoa ni pakavu? Hata zile 4 nzima hazijasogea. HatiZaKilindini, ziliingia Ushuru siku gani?

#42 HatiZaKilindini
Jumamosi. Zote nne, jioni moja.

#43 MtoPanga
Ndiyo hapo! Mtu wa Tamko anakusanya wiki nzima halafu anamwaga Jumamosi. Mbele panakauka katikati ya wiki, kisha panafurika. Ushuru hauna kosa, kosa ni la safu iliyo nyuma yake.

#44 TamkoLaLeo
Au ni mteja mmoja mwenye kontena nne aliyeleta makaratasi yote pamoja. Huwezi kujua kwa kutazama ubao. Tazama majina ya wateja.

#45 HatiZaKilindini
Wateja wawili. Mmoja ana kadi tatu kati ya hizo nne, na ndiye mwenye matairi pia.

#46 TamkoLaLeo
Basi una mlipaji mmoja ameshika kadi 4 kati ya 7. Nadhani hapo ndipo mto ulipozibwa, nje ya ofisi kabisa.

#47 MtoPanga
Lakini aliyezimwaga Jumamosi ni nani? Mteja hulipa akiambiwa. Zingetoka moja moja tangu Jumatano, pengine mbili zingekuwa zimelipiwa.

#48 MakadaraMchana
Hiyo inapimika. Wiki ijayo kila tamko likikamilika lisogezwe siku hiyo hiyo, na Ushuru wekeni kikomo cha 5. Ikifika 5, mtu wa Tamko asisogeze ya sita, ashike simu awapigie wateja wa Ushuru. Rundo likiendelea kuwa la mteja yule yule, TamkoLaLeo yuko sawa. Likipungua, MtoPanga yuko sawa.

#49 FeriYaPili
Kikomo kwenye safu ya kusubiri mteja? Ofisi isimame kwa sababu mtu mmoja hajalipa? Hapo siwezi kukubali. Kikomo ni cha kazi iliyo mikononi mwenu.

#50 MakadaraMchana
Haisimami. Inaacha kufungua mpya na kufukuzia za zamani. Tofauti kubwa.

#51 FeriYaPili
Mweleze hivyo mteja mwenye maziwa ya unga ambaye tamko lake liko tayari na hamlisogezi.

#52 HatiZaKilindini
Ahsanteni sana. Leo asubuhi nimefanya haya: mashine ya kusaga imerudishiwa tarehe yake na lebo nyekundu, matairi na zile mbili zimebandikwa alama zikiwa pale pale, mitumba nimepiga simu. Vigae nimemwachia meneja aifuatilie, maana kwa kipimo cha MakadaraMchana alikuwa sawa. Kikomo cha 5 bado tunabishana ofisini kama mnavyobishana hapa. Tamko tumekubaliana lisogezwe siku linapokamilika, kuanzia Jumatatu.

#53 MzeeWaMakupa
Wiki mbili zikipita, tuletee namba mpya ya Ushuru. Ikibaki 8 tutajua jambo moja, ikishuka tutajua lingine. Na zile kadi zilizo Imekwisha, kontena tupu zimerudishwa na amana zimechukuliwa?

#54 HatiZaKilindini
Mzee wangu… hizo hatujaziwekea safu.

#55 TamkoLaLeo
Fungua uzi mwingine, dada. Huo peke yake ni kurasa tano.